Mwenyekiti Haidhinishi Mkopo

Hotuba kwa wenyeviti wapya wa bodi za vyama vya akiba na mikopo, Nairobi

Ndugu wenyeviti, makatibu wenzangu wa zamani niliowaona pale nyuma, na wageni wetu kutoka ofisi ya ushirika ya kaunti, hamjambo nyote.

Waandaaji waliniandikia kichwa kirefu: namna mwenyekiti anavyouelekeza uongozi wa chama bila kuingilia kazi za kila siku. Nimekaa pande zote mbili za meza hiyo. Nilikuwa meneja kabla sijachaguliwa kwenye bodi ya chama kingine, kwa hivyo najua simu ya mwenyekiti inavyosikika kwa anayeipokea. Leo nitazungumzia simu hiyo tu. Mambo mengine ya utawala bora mtayapata kwenye vitabu mlivyopewa mlangoni, na ni mazuri, ingawa sijawahi kuona kitabu kinachoeleza mtu afanye nini saa kumi jioni, Ijumaa, simu ikiita.

Anayepiga ni mwanachama. Pengine ni mjumbe aliyekupigia kura, au mtu mnayesali naye Jumapili. Anasema, "Mwenyekiti, mkopo wangu umekwama. Ada ya shule inatakiwa Jumatatu. Nina akiba ya laki mbili, nimeomba laki sita, mara tatu kama sera inavyosema, wadhamini wote wametia saini, na yule msichana wa mikopo anasema haiwezekani. Hebu zungumza naye."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye shida, na ombi lenyewe linaonekana dogo mno. Kuna ubaya gani mwenyekiti kumpigia afisa wa mikopo na kumwambia amwangalie huyu mzee? Hujaamuru chochote, umeuliza tu. Nitalipinga wazo hilo kwa hesabu, kwa sababu maadili peke yake hayajawahi kumzuia mtu kupiga simu Ijumaa jioni.

Tumtazame mwanachama huyo. Hizi ni tarakimu za mfano, lakini kila aliyefanya kazi ya mikopo Nairobi ameziona. Mshahara wake ni shilingi 90,000 kwa mwezi. Ukijumlisha kodi, michango ya lazima na mikopo aliyo nayo kwingine, makato yake yamefika 44,000. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Kwake hiyo ni 60,000, maana yake nafasi iliyobaki ni 16,000 kwa mwezi. Sasa, laki sita kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa salio linalopungua, kwa miezi 36 ambayo ndiyo kikomo cha sera kwa mkopo wa aina hiyo, inataka karibu shilingi 19,930 kila mwezi. Amepungukiwa na shilingi elfu nne kasoro kidogo.

Afisa wa mikopo hakumnyima kwa roho mbaya. Alipiga hesabu hiyo na akaishia pale. Tena huenda alimweleza kwamba angeomba 480,000 angepita, kwa kuwa malipo yake yangekuwa chini kidogo ya 16,000. Jambo hilo mwanachama hakulitaja kwenye simu. Mara nyingi hawalitaji.

Mwenyekiti akisema "mwangalie," afisa anasikia "mpe." Hakuna tafsiri nyingine pale kaunta. Wewe unakaa kwenye bodi inayoamua nyongeza ya mshahara wake na kama mkataba wa bosi wake utaendelea. Atatafuta njia. Atakubali barua kwamba mkopo wa kwingine "unakaribia kuisha," au hati ya mshahara ya mwezi uliokuwa na saa za ziada. Mkopo unatoka Jumatatu, mwanachama anakushukuru kwa ujumbe mrefu wenye dua, nawe unalala ukiwa na amani.

Mwisho wa mwezi orodha ya makato inakwenda kwa mwajiri. Mfumo wa mishahara unakataa makato hayo kwa kuwa yanavunja sheria ya theluthi. Haukati 16,000 na kuacha zile elfu nne. Mara nyingi unakataa yote. Kwa hivyo mkopo umechelewa tangu mwezi wa kwanza, na mwanachama anaapa alidhani unakatwa. Chini ya kanuni za 2010 za vyama vinavyochukua amana, mkopo ukipita siku 30 bila kulipwa hauhesabiwi tena kuwa wa kuangaliwa tu. Unashuka daraja, na chama kinatakiwa kutenga robo ya salio lake dhidi ya faida. Kwa laki sita hiyo ni 150,000 inayotoka kwenye ziada ya wanachama wote, ile ambayo wangegawana kama gawio. Ukipita siku 180, inatengwa nusu. Ukivuka siku 360, unatengwa wote.

Sasa nani ataudai? Afisa anajua mkopo ule ni "wa mwenyekiti." Kwenye faili haujaandikwa hivyo, lakini ofisi nzima inajua. Barua ya kwanza ya kudai itachelewa, na wadhamini hawataitwa kwa wakati. Meneja akiulizwa kwenye kikao kwa nini mikopo iliyochelewa imepanda, ataanza kuzungumza juu ya hali ya uchumi. Atafanya hivyo akikutazama wewe, na wewe utatazama meza. Kuanzia siku hiyo umepoteza kitu ambacho hakiwezi kununuliwa: huwezi tena kumuuliza meneja swali gumu juu ya mikopo. Alichokupa kwa simu moja amekukopesha, na atakidai siku atakapokosea yeye.

Ndiyo maana nikiona chama ambacho ripoti zake zimekuwa laini, zenye maneno mengi na majedwali machache, swali langu la kwanza huwa ni nani anampigia nani.

Turudi basi Ijumaa, simu ikiwa bado mkononi. Ufanye nini? Usimfukuze mtu wako. Msikilize amalize, kwa sababu anayekatizwa hatasikia chochote utakachosema baadaye. Kisha umwambie mambo mawili. La kwanza, kwamba mikopo haipiti kwako, wala kwa mjumbe mmoja mmoja wa bodi, na kwamba ni sheria hiyo hiyo inayolinda akiba yake isikopeshwe ovyo kwa rafiki wa mwenyekiti. La pili, umwelekeze njia yake ya rufaa: amwandikie meneja mkuu aombe kuelezwa kwa maandishi sababu ya kukataliwa na kiasi anachoweza kupata. Kila chama kinatakiwa kiwe na njia hiyo, na iwe na muda, tuseme siku tatu za kazi. Kama chenu hakina, hilo ndilo jambo lenu la kwanza la kikao kijacho, na ni kazi ya bodi kabisa.

Baada ya hapo usimpigie afisa. Usimpigie hata meneja kuhusu mtu huyo. Andika tu kwenye daftari lako: tarehe, aina ya mkopo, sababu iliyotajwa. Jina lake halihitajiki. Daftari hilo ndilo litakalokufanya mwenyekiti mzuri, na sasa nitaeleza vipi.

Baada ya miezi michache utaona kwamba simu zako zina ugonjwa mmoja. Tuseme kati ya malalamiko uliyoandika, mengi yanahusu mkopo ule ule, na yote yamekwama kwenye miezi 36. Hapo una swali la bodi. Unampelekea meneja mapema, wiki mbili kabla ya kikao, kwa maandishi, na swali lenyewe linakuwa hivi: katika robo mwaka iliyopita ni maombi mangapi ya mkopo huu yalikataliwa kwa sababu ya theluthi, ni mangapi yangepita kama muda ungekuwa miezi 48, na kubadilisha muda huo kutafanya nini kwa fedha zetu za mkononi?

Swali hilo halina jina la mtu, linadai tarakimu ambazo meneja pekee anazo, na haliamui jibu. Wenyeviti wengi huharibu hapo pa mwisho. Huja kikaoni na jibu na kuliita swali: "Meneja, huoni wakati umefika wa kuongeza muda?" Meneja mwenye akili atakubali, na hamtajua kamwe alichokuwa anafikiri.

Tuchukulie meneja amefanya kazi yake na analeta karatasi ya kurasa mbili. Anaonyesha kwamba kwa miezi 48 yule mwanachama wetu angelipa karibu 15,800 kwa mwezi, na angepita bila barua ya mtu. Ila anaonyesha pia kwamba riba yote atakayolipa inapanda kutoka karibu 117,000 hadi karibu 158,000. Mwanachama atalipa kama elfu 41 zaidi kwa ajili ya nafuu ile ya kila mwezi, na ni haki aambiwe kabla hajatia saini. Kisha upande wa chama: kwa kila shilingi milioni 100 zilizokopeshwa, miezi 36 inarudisha karibu milioni 3.32 kwa mwezi, na miezi 48 inarudisha karibu milioni 2.63. Hiyo ni pungufu ya karibu laki saba kila mwezi katika fedha za kuwakopesha wanaosubiri foleni. Chama kinachochukua amana kinatakiwa kuwa na fedha za haraka zisizopungua asilimia 15 ya akiba za wateja na madeni ya muda mfupi. Kama mko kwenye 22, mnapumua. Kama mko kwenye 16, nafuu hiyo mnaweza kuilipia kwa kukopa benki kwa riba kubwa kuliko mnayotoza.

Hapo bodi inaamua. Labda inasema ndiyo, ila kwa mikopo ya ada tu, kwa kiwango kisichozidi sehemu fulani ya mikopo yote, na meneja alete ripoti baada ya miezi sita. Labda inasema hapana, na kumbukumbu za kikao zinaeleza kwa nini. Vyovyote iwavyo, mwanachama wa Ijumaa amesaidiwa, yeye na wenzake ambao hawana namba yako ya simu. Hao wasio na namba yako ndio wengi, na ndio uliochaguliwa kuwafikiria.

Nataka muone mwendo wa jambo hili. Simu moja imekuwa swali, swali likawa karatasi ya meneja, karatasi ikawa uamuzi wa bodi, na uamuzi ukawa sera ambayo afisa wa mikopo atamsomea mtu yeyote kaunta bila kuogopa. Mwenyekiti ameelekeza chama, tena kwa nguvu. Hakugusa faili hata moja.

Kuna watakaosema mwendo huo ni mrefu. Ni kweli. Kwa mtu mwenye ada ya Jumatatu hausaidii kitu Jumatatu ile, na sitawadanganya. Jibu lake la Jumatatu ni ile 480,000 aliyoambiwa na afisa.

Sasa kuhusu mamlaka yenyewe, kwa ufupi, maana nawaona wengine wamekunja uso. Katika vyama vingi wanachama huchagua bodi, na bodi humchagua mwenyekiti miongoni mwao. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 1997 iliipa kamati ya watu wasiopungua watano wala kuzidi tisa kazi ya kuongoza chama, na ikasema wazi kwamba wanapaswa kuwa na busara na umakini wa mfanyabiashara wa kawaida, na kwamba wanaweza kuwajibika pamoja na kila mmoja peke yake kwa hasara iliyotokana na matendo yao yaliyo kinyume na sheria, sheria ndogo au maagizo ya mkutano mkuu. Sikilizeni vizuri: mamlaka yamewekwa kwa kamati. Nje ya kikao, mwenyekiti ana yale tu ambayo bodi imemkabidhi na kuandika. Lakini hasara inaweza kumfuata hadi nyumbani. Anayetoa amri peke yake amejipa mamlaka ambayo hana na kubaki na deni ambalo ni lake.

Kwa vyama vilivyo chini ya SASRA, mdhibiti wa vyama vya akiba na mikopo, kuna jambo la ziada. Mkaguzi anapokuja hutaka kumbukumbu za vikao, ripoti za kamati na faili za mikopo. Akikuta mkopo uliopita nje ya sera, atauliza nani aliidhinisha ukiukaji huo na umeandikwa wapi. Simu haina kumbukumbu. Atakayebaki na jibu ni afisa wa mikopo, msichana yule yule, na nadhani mnaelewa kwa nini maofisa wazuri huondoka kimyakimya kwenye vyama vyenye wenyeviti wapigao simu.

Swali ambalo huulizwa sana ni hili: kama siingii ofisini, nitajuaje meneja hanidanganyi? Ni swali la haki. Vyama vimeibiwa Nairobi hii huku wenyeviti wake wakijisifu kwamba hawaingilii. Kutoingilia si kulala.

Nina njia ninayoipenda. Kikao kimoja cha wiki, cha mwenyekiti na meneja mkuu, kisichozidi saa moja, siku na saa ile ile, ofisini kwa meneja. Ajenda yake ni fupi na haibadiliki: yaliyoamuliwa na bodi yamefika wapi, barua zilizoingia kutoka kwa mdhibiti au mahakamani, tatizo lolote ambalo meneja hataki nilisikie kwa mtu mwingine, na maandalizi ya kikao kijacho. Mwisho naondoka. Sipiti kwenye madawati kusalimiana hadi saa sita. Mnacheka, lakini mnamjua mwenyekiti anayepita. Ni kama mwenye matatu anayepanda gari lake kila siku na kuketi kando ya dereva: gari halifiki mapema, na dereva huanza kuendesha akimtazama tajiri badala ya barabara.

Ripoti ya mwezi nayo ifike siku saba kabla ya kikao. Mimi huisoma kwa kuanzia mwisho, kwenye orodha ya ukiukaji: mikopo yote iliyotolewa nje ya sera mwezi huo, kila mmoja na sababu yake na aliyeidhinisha. Kama orodha haipo, iombeni kwa azimio la bodi. Kama ipo na ni tupu kila mwezi mwaka mzima, hapo ndipo pa kuwa na wasiwasi, kwa sababu hakuna chama chenye watu hai kisicho na ukiukaji hata mmoja. Aidha mtu hauandiki au hakuna anayeutafuta. Mwambieni mkaguzi wa ndani achukue mafaili machache kwa bahati nasibu na alete matokeo kwenye kamati ya ukaguzi. Si kwako. Mwenyekiti wa bodi anayepokea ripoti za mkaguzi wa ndani peke yake, kabla ya kamati, anaanza kuendesha chama kwa siri.

Halafu linganisheni tarakimu mbili zinazopaswa kwenda pamoja. Mikopo iliyochelewa ikiwa ile ile miezi mitatu mfululizo, lakini mikopo iliyoandikwa upya, yaani ile ambayo muda wake umesogezwa ili ionekane haijachelewa, ikiwa inapanda, basi ugonjwa umehamishwa chumba. Ulizeni kikaoni, kwa sauti ya kawaida: mikopo mingapi imeandikwa upya zaidi ya mara moja? Meneja mwaminifu atakuwa na jibu au atasema ataleta tarehe fulani. Mwingine ataona umemtukana.

Nimefika kwenye jambo ambalo ninyi wengi mtanikasirikia: saini za benki. Katika vyama vingi vya mjini hapa mwenyekiti ni miongoni mwa watia saini wa hundi na malipo. Desturi hiyo ilikuwa na sababu yake, watu walitaka macho ya wanachama yawepo pesa zikitoka. Lakini tazameni inachofanya. Anayetia saini malipo ya kila siku lazima awe ofisini kila siku. Akiwa ofisini kila siku atapewa dawati, na kwenye dawati hilo wanachama watamfuata, na marupurupu ya siku hizo yataandikwa mahali fulani. Baya zaidi, bodi inatakiwa kumuuliza meneja kuhusu malipo, na mwenyekiti wake ameyatia saini yote mwenyewe. Atajiuliza?

Ushauri wangu ni kuweka viwango. Malipo ya kawaida yaliyo ndani ya bajeti iliyopitishwa yatiwe saini na maofisa wawili wa uongozi, mmoja aandae na mwingine aidhinishe. Juu ya kiwango ambacho bodi itakitaja kwa tarakimu, kulingana na ukubwa wa chama, malipo yahitaji azimio, na hapo ndipo mjumbe wa bodi atie saini ya pili akiwa na nakala ya azimio mkononi. Nje ya bajeti, hakuna anayetia saini hadi kikao. Chama kidogo chenye wafanyakazi watatu hakitaweza kutenganisha kazi hivyo, na huko mjumbe wa bodi atalazimika kutia saini zaidi. Basi awe mweka hazina, na mwenyekiti abaki nje ili pawepo mtu mmoja wa kuuliza.

Ajira ni vivyo hivyo na sitakaa sana. Bodi humwajiri meneja mkuu, humpa malengo kwa maandishi, humpima na ikibidi humwondoa. Wengine wote huajiriwa na meneja kwa sera na idadi iliyopitishwa na bodi. Mpwa wako aombe kazi kama watu wengine, na wewe usiwe kwenye chumba cha usaili.

Je, kuna wakati wa kuingilia? Upo, na mwenyekiti anayesita wakati huo ni hatari kama yule anayepita kwenye madawati. Barua ya mdhibiti imekaa bila kujibiwa hadi tarehe ya mwisho imepita. Ripoti ya mwezi haijaja mara mbili. Fedha za kaunta hazilingani na meneja anaomba muda "kurekebisha." Kamati ya usimamizi imeandika jambo zito. Katika hali hizo ita kikao cha dharura, siku hiyo hiyo kama akidi inapatikana. Bodi ndiyo imsimamishe mtu, bodi ndiyo imteue wa kukaimu, bodi ndiyo imwite mkaguzi wa nje, na yote yaandikwe pamoja na nani alipinga. Usiende mwenyewe kuchukua funguo za sefu. Nimesikia mwenyekiti aliyefanya hivyo kwa nia njema kabisa, na fedha zilipohesabiwa baadaye zikapungua, palikuwa na watu wawili wa kushuku badala ya mmoja.

Bodi ikishamteua wa kukaimu, mwenyekiti asiwe yeye. Hata kwa wiki moja.

Nimalizie na mkutano mkuu, kwa kuwa wengi wenu mtakuwa na wa kwanza ndani ya miezi minne baada ya mwaka wa fedha kufungwa, yaani kabla Aprili haijaisha kama mwaka wenu unafungwa Desemba. Yule mwanachama wa Ijumaa atasimama. Atachukua kipaza sauti na kusema mbele ya watu wote kwamba alinyimwa mkopo na mwenyekiti akamkatalia msaada. Ukumbi utakugeukia.

Usianze kueleza faili lake. Kwanza huruhusiwi kuanika mambo ya fedha ya mwanachama hadharani, hata kama ameanza yeye. Pili, ukilijua faili lake kiasi cha kulieleza, umeshakiri kwamba unasoma mafaili. Mwambie atakutana na meneja mkuu baada ya kikao, leo, na taja jina la afisa atakayempeleka. Kisha jibu lililo la bodi: "Mwaka huu tulipokea malalamiko kuhusu muda wa mkopo huu. Bodi iliyachunguza. Uamuzi wetu ni huu, na sababu zake ziko ukurasa fulani wa ripoti." Mpe meneja nafasi ya kusoma tarakimu, kisha rudisha kipaza sauti kwako upesi, kwa sababu kutetea sera mbele ya wanachama ni kazi ya aliyeipitisha. Meneja asisulubiwe kwa uamuzi wa bodi.

Na mtu akisimama kutoka nyuma akauliza, "Mwenyekiti, mkopo wako wewe uko vipi?" mjibu bila kuchelewa. Mikopo ya wajumbe wa bodi haitolewi kwa masharti nafuu kuliko ya wanachama wengine, na jumla yake inatakiwa ionekane kwenye hesabu zilizokaguliwa. Uwe na ukurasa huo umeukunja tayari.

Asanteni. Nimeambiwa chai imefika, na katibu ana nakala za fomu ya orodha ya ukiukaji kwa anayetaka kwenda nayo kwenye kikao chake cha mwezi huu.